Mkojo Uliogeuka Rangi Siku ya Tatu

Nitaanza na mgonjwa mmoja. Nimemtunga kwa ajili ya mhadhara huu, ila hakuna dalili hata moja niliyompa ambayo haitokei kwa wagonjwa wa kweli.

Ni mzee wa miaka 64 kutoka Nyansiongo, mchuma chai aliyestaafu, mwenye tezi dume iliyovimba. Aliwekewa mpira wa mkojo na baada ya wiki chache akaanza kuungua, mkojo ukanuka, homa ikapanda kidogo. Siku ya Jumatatu akaandikiwa nitrofurantoini, miligramu 100 asubuhi na miligramu 100 jioni, kwa siku saba. Siku hiyohiyo alipimwa damu na himoglobini yake ilikuwa gramu 13.2 kwa desilita, kiwango ambacho mzee wa umri wake hana sababu ya kukilalamikia.

Jumanne alisikia nafuu. Jumatano alasiri mkojo kwenye mfuko ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kiuno kikamuuma, akaishiwa nguvu akipanda kutoka mtoni hadi nyumbani, mwendo aliouzoea maisha yake yote. Mwanawe alidhani ugonjwa wa mkojo umezidi, kwa hiyo akaenda kemisti akamnunulia vidonge vingine vya nitrofurantoini ili dozi isikatike. Ijumaa macho yalikuwa ya manjano. Jumamosi alifikishwa hospitalini moyo ukienda mbio, himoglobini ikiwa 7.4.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Katika nyanda zetu hizi, homa ikiandamana na macho ya manjano na mkojo mweusi, mawazo yetu huenda kwanza kwenye malaria, kisha kwenye ini, kisha kwenye figo. Yote hayo yanastahili kupimwa. Lakini jibu la mzee huyu lilikuwa ndani ya pakiti ya vidonge iliyokuwa mfukoni mwa mwanawe, na kuna mtu mmoja tu hospitalini aliyeomba kuiona.

Chembe nyekundu ya damu inaishi siku 120 hivi. Inapotoka kwenye uboho na kukomaa inakuwa imeshatupa kiini chake, kwa hiyo haiwezi tena kutengeneza protini mpya. Vimeng'enya ilivyoondoka navyo ndivyo itakavyovitumia hadi kufa. Kimojawapo kinaitwa G6PD. Kazi yake ni kuanzisha njia ndogo ya kutumia sukari ambayo mazao yake muhimu ni NADPH, na NADPH ndiyo inayoirudishia nguvu glutathioni kila inapotumika. Glutathioni nayo huzima sumu za oksijeni kabla hazijaiunguza himoglobini. Seli nyingine za mwili zina njia nyingine za kupata NADPH. Chembe nyekundu haina. Ikikosa G6PD ya kutosha, imebaki bila kinga dhidi ya shambulio la namna hiyo.

Siku za kawaida upungufu huo hauonekani. Mwenye nao anachuma chai, anacheza mpira, anazaa, anazeeka, bila kujua. Shida inakuja inapoingia dawa ambayo kila molekuli yake, ikiwa ndani ya chembe, inachukua elektroni na kuikabidhi oksijeni, inachukua tena na kuikabidhi tena. Nitrofurantoini inafanya hivyo. Glutathioni inakwisha, himoglobini inaharibika na kuganda kuwa vinundu vinavyojibandika kwenye utando wa chembe. Vinundu hivyo huitwa miili ya Hainzi. Wengu linapojaribu kuving'oa linamega na sehemu ya chembe yenyewe, na ndiyo maana kwenye hadubini mtaona chembe zilizomegwa pembeni. Nyingine hupasuka ndani ya mishipa, himoglobini ikamwagika kwenye damu, ikapita kwenye figo na kuingia kwenye mkojo.

Nataka nikae kidogo kwenye swali la kwa nini mkojo ulibadilika siku ya tatu na si saa ya kwanza, maana jibu lake lilipatikana kwa jaribio ambalo kila mwanafunzi wa maabara angelifurahia, ingawa mahali lilipofanyiwa panasikitisha. Miaka ya 1950, katika gereza la Stateville jimboni Illinois, Marekani, kundi la watafiti chini ya Alving lilikuwa linajaribu dawa ya malaria iitwayo primakwini kwa wafungwa. Wafungwa kadhaa weusi walipewa miligramu 30 kwa siku, na baada ya siku mbili tatu mkojo wao ukawa mweusi na damu ikashuka. Wengine waliopewa dozi ileile hawakupata lolote. Je, tatizo lilikuwa kwenye chembe za damu, au kwenye ini, figo au wengu la hao walioathirika?

Dern na Beutler wa kundi hilo, pamoja na Alving, walichukua chembe za mtu aliyeathirika, wakazitia alama kwa kromiamu yenye mnururisho, wakamwongezea mtu asiyeathirika, kisha wakampa huyo wa pili primakwini. Chembe za kigeni zilivunjika, zake mwenyewe zikabaki. Walipofanya kinyume chake, chembe za mtu mzima wa afya zilidumu salama ndani ya mwili wa aliyeathirika. Kosa lilikuwa ndani ya chembe. Baadaye, kwa kutumia chuma chenye mnururisho, wakagundua kuwa chembe za umri wa siku 63 hadi 76 ziliangamia na zile za siku 8 hadi 21 zilistahimili. Mwaka 1956 kimeng'enya kilichopungua kikatambuliwa kuwa G6PD. Ninapowaeleza haya ninaomba tukumbuke kwamba walioumizwa ili tujue walikuwa wafungwa, watu ambao uhuru wao wa kukataa ulikuwa mdogo.

Aina ya upungufu iliyoenea Afrika, inayoitwa A-, haimaanishi kuwa kimeng'enya hakipo. Chembe changa hutoka nacho kingi kiasi, ila kinachakaa upesi. Kwa mtu wa kawaida nguvu ya kimeng'enya hupungua kwa nusu kwa siku 60 hivi, na kwa mwenye A- ni siku 13 hivi. Kwa hiyo chembe zake za mwezi wa pili na wa tatu ndizo dhaifu, na ndizo dawa inazoziangusha. Zikishaisha, uboho unamwaga chembe changa zenye uwezo wa kujitetea, na kuvunjika kunapungua hata kama mgonjwa bado anameza vidonge. Himoglobini hufika chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, halafu inaanza kupanda.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Mgonjwa anapewa dawa, damu inashuka, dozi inaendelea, damu inapanda, na mtu anasema kama ingekuwa ni dawa basi asingepona akiendelea kuitumia. Alipona kwa sababu chembe zake za zamani zilikuwa zimekwisha. Tena mwenye bahati ndiye anayepona hivyo. Mwenye figo dhaifu, au aliyekuwa tayari na upungufu wa damu kwa malaria, minyoo au mimba, anaweza kufikia hali ya kuhitaji kuongezewa damu kabla chembe changa hazijafika.

Turudi kwa mkojo wenyewe, maana nitrofurantoini ina mtego ambao dawa nyingine nyingi hazina. Inatolewa kwa ugonjwa wa mkojo, na yenyewe hubadilisha rangi ya mkojo. Mtu yeyote akiimeza, hata mwenye kimeng'enya cha kutosha, mkojo unaweza kuwa wa manjano iliyoiva au hudhurungi, na hilo halina madhara. Kwa hiyo tumewazoesha wagonjwa kwa kuwaambia, "Mama, usiogope mkojo ukibadilika rangi, ni dawa." Ushauri huo ni wa kweli kwa wengi, na kwa mmoja kati yao unachelewesha msaada kwa siku tatu.

Tofauti inaweza kupatikana katika zahanati yoyote yenye vijiti vya kupimia mkojo. Chovya kijiti na usome kile kisanduku cha damu. Rangi ya dawa peke yake haikigeuzi. Kikigeuka kuwa kijani kibichi, kuna ama chembe nyekundu ama himoglobini iliyomwagika, kwa kuwa kijiti hakiwezi kutenganisha hivyo viwili. Sasa weka mkojo kwenye mashine ya kuzungusha kwa dakika tano. Ikiwa ni damu inayotoka kwenye kibofu, labda kwa kujikwaruza na mpira au kwa maambukizi yenyewe, chembe zitakaa chini kwa wekundu na maji ya juu yatasafika. Ikiwa ni himoglobini, maji ya juu yatabaki meusi vilevile, na tone lake chini ya hadubini litaonyesha chembe nyekundu chache au hakuna. Mzee wetu alikuwa na alama tatu za damu kwenye kijiti na chembe mbili tatu tu kwenye hadubini. Hapo jambo lilikuwa limekwisha kujulikana.

Kama mashine haipo, chukua damu ya mshipani kwa uangalifu, iache kwenye chupa ikae. Majimaji yanayobaki juu yakiwa na wekundu hafifu, himoglobini imemwagika ndani ya mishipa. Sharti damu iwe imechukuliwa polepole kwa sindano isiyo nyembamba mno, la sivyo chembe zitapasuka kwenye sindano na kumsingizia mgonjwa ugonjwa asio nao.

Mzee wetu alitibiwa vipi? Jambo la kwanza lilikuwa kuisimamisha dawa saa ileile. Akawekewa maji ya mshipani ili figo zisafishwe, himoglobini ikapimwa kila siku, na kreatinini pia. Kreatinini ilikuwa juu, na hilo linaeleza kwa nini aliumia sana. Nitrofurantoini imeundwa ili ipite kwenye damu kwa kiasi kidogo na kujikusanya kwenye mkojo. Figo zikidhoofika, mambo yanapinduka: kwenye mkojo inapungua hadi haiui bakteria, kwenye damu inaongezeka hadi inaumiza chembe. Mzee mwenye tezi dume iliyoziba mkojo kwa muda mrefu hana budi kupimwa figo kabla ya kupewa dawa hii, hata kama G6PD yake ni nzuri kabisa. Alibadilishiwa dawa kulingana na majibu ya mkojo uliooteshwa maabara. Damu aliongezewa chupa moja kwa sababu moyo ulikuwa unamlemea, si kwa sababu ya nambari peke yake. Siku ya kumi na moja himoglobini ilianza kupanda.

Sasa salfa. Watu wengi husema "salfa" kana kwamba ni dawa moja, na orodha nyingi zilizobandikwa ukutani huziweka zote chini ya mstari mmoja: haramu kwa mwenye upungufu wa G6PD. Mimi sikubaliani na orodha hizo. Zinatisha pasipofaa kutisha na zinanyamaza panapofaa kupiga kelele.

Salfa za kale za miaka ya 1930 na 1940, kama salfanilamidi na salfapiridini, zilivunja chembe kweli, na ndizo zilizolipa kundi zima sifa mbaya. Salfa tunayoitumia zaidi leo ni salfamethoksazoli, iliyomo ndani ya Septrini pamoja na trimethoprimu. Kwa dozi za kawaida, ushahidi uliokusanywa kwa miongo mingi unaonyesha kuwa ni nadra sana kumletea mwenye aina ya A- kuvunjika kwa damu kwa kiasi cha kudhuru. Mwongozo wa kimataifa wa dawa na vinasaba uliotolewa miaka ya karibuni unaiweka kwenye kundi la hatari ndogo au isiyokuwepo, huku nitrofurantoini ikiwa kwenye kundi la kati na dapsoni kwenye kundi la juu. Hadhari inabaki kwenye dozi kubwa sana, kama zile za kutibu nimonia ya wagonjwa wa ukimwi, na kwa mtoto mchanga.

Kwa nini ninalisisitiza hili hapa Kisii? Kwa sababu kuna watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi ambao wameandikiwa Septrini miligramu 960 kila siku kama kinga. Mmoja wao akisikia redioni kwamba salfa huvunja damu, akaiacha, atakuwa amekimbia hatari ndogo na kujitupa kwenye kubwa. Asiiache bila kuonana na anayemhudumia.

Dapsoni ni jambo lingine kabisa. Kikemia si salfonamidi, ni salfoni, jamaa wa karibu. Inatumika kwa ukoma, na pia hupewa mtu ambaye Septrini imemtoa vipele mwilini, miligramu 100 kwa siku. Angalieni mzunguko huo: mgonjwa anahamishwa kutoka dawa iliyokuwa rafiki kwa chembe zake na kupewa iliyo adui, na anayemhamisha anadhani amempa iliyo salama zaidi. Kama kuna wakati mmoja ambapo kipimo cha G6PD kinalipa gharama yake mara nyingi, ni siku ile ya kumwandikia mtu dapsoni.

Afrika Mashariki tuna historia yetu na dapsoni. Mnaokumbuka mwaka 2002 mnajua jinsi malaria ilivyozuka katika nyanda hizi, Kisii ya Kati na Gucha, pamoja na Kericho na Nandi, wadi zikajaa. Dawa ya kwanza ya malaria nchini wakati huo ilikuwa Fansida, yenye salfadoksini, ambayo nayo ni salfa. Ilikuwa imeanza kushindwa kwa sababu vimelea vilijifunza kuikwepa. Dunia ilihitaji mbadala wa bei nafuu, na mwaka 2003 ikasajiliwa nchini Uingereza dawa iitwayo Lapdap, mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa kampuni ya GlaxoSmithKline, Shirika la Afya Duniani na wanasayansi wa Liverpool. Mtoto alipewa miligramu mbili na nusu za dapsoni kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa siku tatu. Iliua vimelea ambavyo Fansida ilishindwa navyo.

Lakini majaribio makubwa, ambayo Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi zilizoshiriki, yalionyesha kuwa watoto wenye upungufu wa G6PD waliopewa dapsoni himoglobini yao ilishuka sana, na baadhi walihitaji kuongezewa damu. Mtoto mwenye malaria anaanza tayari akiwa na damu pungufu. Kumshusha gramu mbili au tatu zaidi ni kumweka ukingoni. Katika nchi ambako kipimo cha G6PD hakikuwepo kwenye zahanati, hapakuwa na njia ya kumchuja mtoto kabla ya kumpa kidonge. Mwaka 2008 Lapdap iliondolewa sokoni. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, na naona pia kwamba ulichelewa, kwa maana tabia ya dapsoni kwa chembe hizi ilijulikana tangu miaka ya 1960.

Swali ninaloulizwa sana ni kama jambo hili linatuhusu sisi watu wa milimani. Ramani ya upungufu wa G6PD inafuata ramani ya malaria, kwa sababu chembe yenye kimeng'enya kidogo inamnyima kimelea makao mazuri, na wenye nayo walinusurika zaidi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na aliyefungua macho ya dunia kuhusu selimundu na malaria, alichapisha mwaka 1960 utafiti wake juu ya G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria upungufu huu ni wa kawaida, na kadiri unavyopanda mlima unapungua. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari.

Lakini asiwepo mtu wa kuusoma mwinuko wa ardhi badala ya kumsoma mgonjwa. Mpaka wetu na Homa Bay na Migori ni wa soko, wa shule na wa ndoa. Jeni ya G6PD imekaa kwenye kromosomu X, na mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Kwa hiyo kijana wa Mosocho mwenye jina la Kigusii, na babu na baba wa Kigusii, anaweza kuwa na chembe alizorithi kwa nyanya mzaa mama aliyeolewa kutoka Rachuonyo. Ukoo wa baba hauwezi kukuambia chochote kuhusu X ya mwanamume. Ukitaka kuuliza, uliza juu ya kaka za mama na watoto wa kiume wa dada za mama: je, kuna aliyewahi kupata manjano na mkojo mweusi baada ya dawa?

Kwa mwanamke mambo ni magumu zaidi, na ugonjwa wa mkojo ni wa wanawake kuliko wanaume. Yeye ana X mbili, na katika kila seli yake moja ya hizo imezimwa kwa bahati nasibu tangu akiwa kijusi. Aliyerithi jeni moja mbovu ana damu ya mchanganyiko: chembe nyingine timamu, nyingine pungufu. Akipewa nitrofurantoini, zile pungufu zitavunjika kama za mzee wa Nyansiongo. Kipimo cha haraka cha kung'aa chini ya mwanga hugundua waliopungukiwa sana, walio chini ya asilimia 30 hivi ya kawaida. Mwanamke mwenye asilimia 50 atapita kwa jibu la "kawaida", ingawa nusu ya chembe zake haziko kawaida. Jibu hilo likija, lisifute alichosema mgonjwa kuhusu mkojo wake.

Mjamzito akipata maambukizi ya mkojo lazima atibiwe, kwa kuwa yakipanda kwenye figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Katikati ya mimba nitrofurantoini ni dawa nzuri, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akiiogopa bila sababu. Kuanzia wiki ya 38 hadi kujifungua haifai, hata kama mama hana upungufu wowote. Chembe za mtoto aliye karibu kuzaliwa hazijakomaa katika kuirudisha glutathioni, na kama ni wa kiume wa mama mwenye jeni moja, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wakati huo sefalosporini zinatosha, zikiongozwa na majibu ya maabara.

Salfa nazo zisitumike karibu na kujifungua, wala kwa mtoto wa wiki za kwanza, na hapa sababu kubwa si G6PD. Salfa huing'oa bilirubini kutoka kwenye protini inayoibeba ndani ya damu, ikabaki huru na kuingia kwenye ubongo. Jambo hili lilionekana mwaka 1956 kwa watoto njiti waliopewa salfa kama kinga: wakafa au wakaharibika ubongo bila macho yao kuwa ya manjano zaidi ya wenzao. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD anazalisha bilirubini nyingi tayari, kwa hiyo anapata mapigo mawili kwa dawa moja. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya mwezi mmoja aseme hivyo kwenye kemisti kabla ya kununua Septrini au nitrofurantoini. Muuzaji asiposikia kwa mama, na aulize yeye.

Limebaki jambo la kipimo chenyewe. Mzee wetu alipimwa G6PD siku ya kumi akiwa bado wadini, na majibu yakaja kuwa ya kawaida. Daktari kijana akamwambia mwanawe, "Basi si dawa, tutafute kitu kingine." Muuguzi mkuu akamuuliza ni chembe zipi alizozipima. Chembe pungufu zilikuwa zimeshavunjika, zilizobaki zilikuwa changa zenye kimeng'enya tele, na juu yake kulikuwa na chupa nzima ya damu ya mtu mwingine. Alirudishwa baada ya miezi mitatu, chembe zake zikiwa zimezeeka na za mgeni zimepungua sana, na kipimo kikaonyesha asilimia 12.

Kwenye kadi yake ya kliniki sasa pameandikwa kwa wino mwekundu: upungufu wa G6PD, damu ilivunjika kwa nitrofurantoini, asipewe nitrofurantoini, dapsoni, primakwini ya siku nyingi wala dawa ya bluu ya methilini, Septrini kwa dozi ya kawaida inaruhusiwa, himoglobini ipimwe siku ya nne na ya saba. Mabinti zake watatu wameambiwa kuwa kila mmoja wao ameibeba jeni hiyo, maana baba mwenye X moja hana nyingine ya kuwapa. Wanawe wa kiume hawakuirithi kwake. Binti mmoja ana mimba ya miezi mitano, na kliniki anayohudhuria huko Manga imeshaandikiwa barua.